Tiba kinga ya kifua kikuu kwa wanaokaa na mgonjwa na kwa wenye VVU: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa namna yanavyorudiwa kliniki na nyumbani. Tumekaa zaidi kwenye dawa ya mara moja kwa wiki, 3HP, kwa kuwa ndiyo inayozua maswali mengi: siku ya kumeza, dozi iliyosahaulika, homa ya jioni, na kuingiliana na dawa nyingine. Mwongozo wa nchi yako ukitofautiana na haya, fuata mwongozo wa nchi yako.

## Mwanzo wa jambo

Mimi siumwi. Kwa nini nipewe dawa za TB?

Kwa sababu mtu anaweza kuwa na bakteria wa TB mwilini bila kuugua. Ukivuta hewa yenye bakteria hao, kinga yako mara nyingi huwazingira na kuwatuliza. Hawafi wote, ila hawazaliani ovyo. Hali hiyo huitwa maambukizi fiche, au kwa lugha ya kawaida TB iliyolala. Hukohoi, humwambukizi mtu, na kipimo cha makohozi hakioni kitu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa.

Wengi wa hao hawataugua maisha yao yote. Kati ya watu 100 walioambukizwa na wenye kinga nzuri, 5 hadi 10 ndio huja kuugua. Hatari hiyo haigawanyiki sawa. Huwa kubwa zaidi katika miaka 2 ya kwanza baada ya kuambukizwa, ndiyo maana aliyekuwa akilala chumba kimoja na mgonjwa anatafutwa haraka. Vilevile ni kubwa mno kwa mtoto mdogo na kwa mwenye VVU, kwa kuwa kinga inayotakiwa kuwazingira bakteria hao bado changa au imepungua. Tiba kinga huwaua bakteria waliolala kabla hawajaamka.

Ina tofauti gani na matibabu ya TB yenyewe?

Tofauti ni wingi wa bakteria. Mgonjwa wa TB ya mapafu ana mamilioni ya bakteria wanaozaliana, na katikati yao huwa wamo wachache wasiosikia dawa fulani. Ndiyo maana hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida nne mwanzoni, ili atakayeiponyoka moja auawe na nyingine. Mwenye TB iliyolala ana bakteria wachache, hivyo dawa moja au mbili zinatosha.

Kutokana na hilo, kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi hii ni kumpa tiba kinga mtu ambaye tayari anaumwa. Atapata nafuu ya juujuu, bakteria dhaifu watakufa, wale sugu watabaki na kuongezeka. Hatua zote za uchunguzi zinazoelezwa hapa chini zipo kwa ajili ya kuliepuka kosa hilo.

Nani hasa anastahili?

Kundi la kwanza ni wanaokaa nyumba moja na mgonjwa wa TB ya mapafu iliyothibitishwa kwa kipimo. Mtoto wa chini ya miaka 5 huwa wa mbele kabisa, na akishachunguzwa na kuonekana haumwi, hupewa dawa bila kusubiri kipimo kingine. Wakubwa wa miaka 5 na kuendelea nao wanaweza kupewa baada ya kuchunguzwa.

Kundi la pili ni watu wanaoishi na VVU, hata kama nyumbani kwao hakuna mgonjwa. Kwa watu wazima na vijana haijalishi CD4 ni ngapi, wala kama wameshaanza ARV au la. Mtoto mwenye VVU wa miezi 12 na zaidi anaweza kupewa akiwa hana dalili. Aliye chini ya miezi 12 hupewa tu iwapo amekaa na mgonjwa wa TB.

Ni lazima kwanza nipimwe kwa sindano ya ngozi au damu?

Hapana kwa mwenye VVU, na hapana kwa mtoto wa chini ya miaka 5 aliyekaa na mgonjwa. Vipimo hivyo vikipatikana husaidia kuamua, hasa kwa mtu mzima asiye na VVU, lakini kukosekana kwake si sababu ya kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu.

Vina udhaifu wa aina mbili ambao ni vyema kuujua. Kwanza, havitofautishi TB iliyolala na TB inayoumwa, kwa hiyo jibu chanya si ruhusa ya kuanza tiba kinga bila uchunguzi wa dalili. Pili, jibu hasi huweza kudanganya: mwili huchukua hadi wiki 8 hivi tangu kuambukizwa ndipo kipimo kigeuke, na mwenye kinga iliyoshuka anaweza asionyeshe chochote ijapokuwa ameambukizwa.

Natumia ARV vizuri na virusi havionekani kwenye kipimo. Bado naihitaji?

Ndiyo. ARV hupunguza sana hatari ya TB lakini haziifikishi kwenye kiwango cha mtu asiye na VVU. Utafiti wa TEMPRANO uliofanyika Kodivaa uliwafuatilia watu wenye VVU kwa takriban miaka 5, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 37 kwa waliopewa isoniazidi ya miezi 6, wakiwemo waliokuwa na CD4 za juu. ARV na tiba kinga kila moja ina kazi yake. Kuanza moja kusicheleweshe nyingine.

## Uchunguzi kabla ya dozi ya kwanza

Nitaulizwa nini?

Mambo manne: una kikohozi sasa hivi, una homa, umepungua uzito, unatoka jasho jingi usiku? Kwa mtu mwenye VVU, kikohozi ni kikohozi hata kiwe cha jana. Usijibu "kidogo tu, ni mafua." Mtoto huangaliwa pia kama haongezeki uzito inavyopasa, kama amepoteza uchangamfu wa kucheza, na kama kuna aliyeumwa TB karibu naye.

"Ndiyo" hata moja inasimamisha tiba kinga kwa muda na kufungua njia ya kipimo cha makohozi, na mara nyingi picha ya kifua. Kipimo kikitoka kizuri na daktari akaridhika kwamba dalili ina sababu nyingine, unarudi kwenye foleni ya tiba kinga. Hapa ndipo watu wengi hupotea: wanapewa kikopo cha makohozi, jibu linachelewa, hakuna anayewaita tena. Uliza siku ileile kwamba jibu likitoka zuri, urudi lini na kwa nani.

Picha ya kifua inasaidia hata kwa asiye na dalili, maana baadhi ya wagonjwa wa TB hawakohoi kabisa. Ikiwa haipatikani, uchunguzi mzuri wa dalili unatosha kuendelea.

Ni nani hapaswi kuanza?

Anayeumwa ini kwa sasa (macho ya njano, au vipimo vya ini vilivyopanda), anayekunywa pombe nyingi kila mara, na mwenye ganzi au kuchomachoma kwa miguu ambako hakujapatiwa ufumbuzi. Hawa huzungumza na daktari kwanza. Ujauzito si kizuizi cha tiba kinga yenyewe, ila hubadilisha aina ya dawa. Tazama sehemu ya mwisho. Kuwa umewahi kuugua TB nako si kizuizi.

## Kuchagua dawa

3HP, 3HR, 1HP, 6H: hizi namba na herufi ni nini?

Namba ya mwanzo ni miezi. H ni isoniazidi, R ni rifampisini, P ni rifapentini. Basi 3HP ni isoniazidi na rifapentini kwa miezi 3, mara moja kwa wiki, dozi 12 kwa jumla. 1HP ni dawa hizohizo kila siku kwa siku 28, kwa wenye miaka 13 na zaidi. 3HR ni isoniazidi na rifampisini kila siku kwa siku 84. 6H ni isoniazidi peke yake kila siku kwa miezi 6, na ndiyo kongwe kuliko zote.

Zote hukinga. Kinachozitenganisha kwa vitendo ni nani anazimaliza. Mtu anayejisikia mzima hachoki haraka kumeza dozi 12 kama anavyochoka na dozi 182, na 3HP huliumiza ini mara chache kuliko isoniazidi ya muda mrefu. Kwa maoni yetu, pale ambapo hakuna kizuizi cha dawa nyingine au ujauzito, mtu mzima aanze kwa kuuliza kuhusu 3HP.

3HP ni vidonge vingapi kwa wiki?

Kwa mwenye zaidi ya miaka 14, dozi ni miligramu 900 za isoniazidi na miligramu 900 za rifapentini, zote kwa mpigo mmoja. Ukipewa kidonge cha pamoja chenye 300 kwa 300, unameza 3. Ukipewa vilivyotengana, ni isoniazidi 3 za miligramu 300 na rifapentini 6 za miligramu 150, jumla 9.

Tofauti hii huleta mkanganyiko: mtu aliyezoea vidonge 9 akipewa vya pamoja 3 hudhani amepunjwa, na aliyezoea 3 anaweza kumeza 3 tu kati ya 9. Soma namba ya miligramu kwenye pakiti kila unapopewa pakiti mpya. Watoto hupimiwa kwa kilo, si kwa kukadiria.

Dawa hizi zinaelewana na ARV zangu?

Inategemea ARV ipi. Rifapentini na rifampisini huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine, kwa hiyo dawa iliyokuwa inatosha hupungua kwenye damu bila wewe kuhisi lolote.

Mtu mzima anayetumia dolutegraviri (kwenye kopo huandikwa DTG) miligramu 50 mara moja kwa siku anaweza kumeza 3HP bila kuongezewa ARV. Akipewa 3HR, mambo ni mengine: dolutegraviri inatakiwa iwe mara mbili kwa siku, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Efavirenzi inaendana na dawa zote hizi. Nevirapini na zile za kundi la protiasi, kama lopinaviri, atazanaviri na darunaviri, haziendani na rifapentini wala rifampisini. Anayezitumia hupewa 6H.

Nenda na kopo lako la ARV. "Natumia kile kidonge cheupe" haimsaidii mtoa dawa, vidonge vyeupe ni vingi.

Natumia kijiti au vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna shida?

Ipo. Homoni zilizomo nazo huvunjwa haraka, na mimba inaweza kuingia kijiti kikiwa palepale mkononi. Wakati wa 3HP, 1HP au 3HR, na kwa mwezi mmoja hivi baada ya dozi ya mwisho, ongeza kondomu au tumia kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Kama unatumia sindano, mwambie anayekuchoma kwamba uko kwenye dawa hizi. Isoniazidi peke yake haina tatizo hili. Wanaotumia metadoni, dawa za kuzuia damu kuganda, za kifafa au za kisukari waseme pia kabla ya kuanza, maana huenda dozi zao zikahitaji kurekebishwa.

Nyumba moja, watu watano: nani anapewa nini?

Tuchukue mfano. Baba amepimwa makohozi, ana TB ya mapafu inayosikia rifampisini, ameanza matibabu. Ndani wamebaki wanne. Hakuna haja ya kungoja baba apone ndipo wao waanze.

Bibi ana miaka 66 na anakohoa kwa wiki 2. Yeye haanzi tiba kinga. Anatoa makohozi na kupigwa picha ya kifua. Kama ni TB anatibiwa kama baba. Kama siyo, anaangaliwa upya.

Mama ana miaka 34, ana VVU, anatumia dolutegraviri mara moja kwa siku, ana kijiti, si mjamzito, na majibu yake manne yote ni "hapana." Anapewa 3HP, vidonge 3 vya pamoja kila wiki, na vitamini B6. ARV zake hazibadilishwi. Anaambiwa atumie kondomu hadi mwezi mmoja baada ya dozi ya 12. Jambo hili la kijiti ndilo husahaulika, kwa sababu anayetoa dawa za TB na anayetoa huduma za uzazi mara nyingi hukaa vyumba tofauti.

Kijana ana miaka 15, hana VVU, hana dalili, picha ya kifua ni safi. Naye 3HP, vidonge 3. Wakichagua siku moja na mama yake, mmoja akisahau mwingine atamkumbusha.

Mtoto ana miaka 3 na kilo 13. Anacheza, anakula, hakohoi. Anapewa 3HR ya watoto, kidonge kinachoyeyuka majini chenye rifampisini 75 na isoniazidi 50. Kwa kilo 12 hadi chini ya 16 ni vidonge 3 kila siku, vikiyeyushwa kwenye maji kidogo na kunyweshwa palepale, kwa siku 84. Apimwe uzito kila anaporudi: akifika kilo 16 vidonge vinakuwa 4. Asipoongezeka uzito kwa wiki kadhaa, hiyo ni dalili, si suala la chakula tu, na achunguzwe tena.

## Kumeza na kusahau

Nimeze na chakula au tumbo tupu?

3HP imeze pamoja na chakula. Rifapentini hufyonzwa vizuri zaidi hivyo, na vidonge vingi kwa mpigo kwenye tumbo tupu hutia kichefuchefu. Isoniazidi ya kila siku hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini ikikuchafua tumbo, imeze na chakula chepesi. Afadhali imezwe hivyo kuliko iachwe.

Pombe iweke kando hadi umalize. Ini lina kazi ya kutosha.

Siku ya 3HP imepita, nimekumbuka baadaye. Nifanyeje?

Meza mara unapokumbuka. Kinachobadilika ni siku ya dozi inayofuata.

Chukua siku yako ni Jumapili. Ukikumbuka Jumatatu au Jumanne, yaani ndani ya siku 2, meza, kisha dozi ijayo irudi Jumapili kama kawaida. Ukikumbuka Alhamisi, meza Alhamisi, na kuanzia hapo siku yako ni Alhamisi hadi mwisho. Sababu ni kwamba dozi mbili za 3HP zisikaribiane kwa chini ya siku 4, na toka Alhamisi hadi Jumapili ni 3 tu. Usimeze dozi mbili siku moja kufidia, hata kama vidonge vinaonekana vichache.

Nimekosa wiki kadhaa mfululizo. Naanza upya?

Kwa 3HP, ukikosa wiki 1 hadi 3, endelea ulipoishia mpaka dozi zote 12 ziishe, ilimradi muda wote usizidi wiki 16 tangu ulipoanza. Ukikosa 4 au zaidi, mara nyingi hushauriwa uanze kozi upya. Anayehesabiwa kuwa amemaliza ni aliyemeza angalau dozi 11 ndani ya wiki hizo 16.

Kwa dawa za kila siku, ukikatiza chini ya wiki 2, endelea na uongeze mwishoni siku ulizokosa. Ukikatiza zaidi ya hapo, mhudumu ataangalia umeshameza kiasi gani: kipimo ni asilimia 80 ya dozi, ambayo kwa 3HR ni 68 kati ya 84 na kwa 6H ni 146 kati ya 182. Vyovyote iwavyo, kabla ya kuendelea baada ya mapumziko marefu lazima uulizwe tena yale maswali manne. Huenda kilichokufanya uache ni ugonjwa wenyewe ulioanza.

Njia inayofanya kazi ni ya kizamani: andika tarehe zote 12 kwenye karatasi au kalenda siku ya kwanza, na uweke alama baada ya kumeza, si kabla.

## Madhara

Mkojo umekuwa mwekundu. Ni damu?

Siyo. Rifapentini na rifampisini zina rangi ya chungwa iliyokolea, na hutoka kwenye mkojo, jasho, mate na machozi. Lensi za macho zinaweza kubaki na rangi hiyo, hivyo tumia miwani. Kwa 3HP rangi huja baada ya dozi na kufifia kabla ya nyingine.

Usichanganye na mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, unaobaki hivyo hata siku ambazo hukumeza dawa. Huo ni wa ini; soma swali la ini hapa chini.

Saa chache baada ya 3HP nilipata homa, kichwa na maumivu ya mwili. Ni malaria?

Inawezekana ni mwitikio wa mwili kwa dawa. Una sura yake: mara nyingi huja baada ya dozi ya 3 au ya 4, huanza kama saa 4 baada ya kumeza, na huisha ndani ya saa 24. Mtu huhisi kama ana mafua makali, kizunguzungu, mifupa inauma. Angalia saa: homa iliyoanza siku 3 baada ya dozi haina sura hiyo, itafutiwe sababu nyingine.

Ukiwa mwepesi, dawa ya kawaida ya homa na maji vinatosha, na mhudumu akiridhika unaendelea na dozi ijayo. Ukizimia, presha ikishuka, ukivimba uso au kupumua kwa shida, nenda hospitali mara moja na usimeze tena dawa hiyo mpaka daktari aseme.

Nitajuaje kwamba ini limeumia?

Kabla ya macho kuwa ya njano huwa kuna siku za dalili ndogo: chakula kinakuchukiza, kichefuchefu kisichokwisha, uchovu usio na sababu, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Kisha mkojo hukolea na choo hupauka. Ukiziona dalili hizo acha dawa siku hiyohiyo na uende kliniki. Hii ni hali ambayo kusimamisha dawa bila kuuliza ndiyo sahihi, kwa sababu kuendelea kwa wiki moja zaidi ukisubiri tarehe ya kliniki ndiko kunakoharibu.

Kliniki itapima vimeng'enya vya ini. Dawa husimamishwa vikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida ukiwa na dalili, au mara 5 hata bila dalili. Asiye na hatari ya ini hahitaji kipimo hicho kabla ya kuanza.

Vitamini B6 ni ya nini?

Isoniazidi huingilia matumizi ya B6 mwilini, na mishipa ya fahamu huanza kulalamika: ganzi, kuchomachoma, nyayo kuwaka. Walio hatarini zaidi ni wenye VVU, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye kisukari, utapiamlo au figo mbovu, na wanywaji wa pombe. Hao hupewa B6 pamoja na dawa. Ikiwa imeisha kwenye stoo, tiba kinga isicheleweshwe kwa sababu hiyo, ila toa taarifa mapema miguu ikianza kuchoma.

## Hali za pekee

Nina mimba, au nimepata mimba katikati ya 3HP.

3HP na 1HP hazipendekezwi kwa mjamzito, kwa kuwa usalama wa rifapentini tumboni haujathibitishwa vya kutosha. Ukigundua mimba katikati, acha dozi inayofuata na uende kliniki ujulishwe utaendelea na nini. Isoniazidi pamoja na B6 ndiyo inayotumika zaidi. Kunyonyesha hakuzuii isoniazidi wala rifampisini. Dawa kidogo inayopita kwenye maziwa haimdhuru mtoto, lakini pia haimkingi: mtoto anayestahili anahitaji dozi yake mwenyewe.

Mama amegundulika na TB ya mapafu karibu na kujifungua. Mtoto je?

Mtoto huchunguzwa kwanza kama haumwi. Akiwa mzima hupewa tiba kinga, na chanjo ya BCG husogezwa hadi amalize, kwa kuwa dawa hizo huua pia bakteria dhaifu wa chanjo na kuifanya kazi bure. Kama mtoto anatumia nevirapini kwa ajili ya kukingwa VVU, asipewe rifampisini, bali isoniazidi peke yake. Ananyonya kama kawaida.

Mgonjwa wa nyumbani ana TB sugu. Nipewe 3HP?

Hapana, kama bakteria wake hawasikii isoniazidi wala rifampisini, hazitakukinga. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza levofloksasini ya kila siku kwa miezi 6 kwa waliokaa na mgonjwa wa aina hiyo. Kwa hiyo kabla ya kupokea vidonge uliza jibu la usugu la mgonjwa wako. Likitoka baadaye kwamba ni sugu na ulishaanza 3HP, rudi.

Nimeanza kukohoa nikiwa kwenye dozi ya 5.

Usimeze ya 6 kabla ya kupimwa. Huenda ulikuwa na TB iliyokuwa changa mno kuonekana siku ya kwanza. Taja dawa ulizokwisha kumeza na idadi yake, ili wanaopima waangalie pia usugu.

Niliugua TB zamani nikapona, nami nina VVU. Nahitaji tena?

Ndiyo, unastahili kozi moja baada ya kumaliza matibabu, kwa sababu kupona hakuzuii kuambukizwa upya.

Nirudie kila mwaka?

Kwa anayetumia ARV, kwa kawaida hapana. Utafiti wa WHIP3TB, uliofanyika Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, ulilinganisha 3HP mara moja na 3HP ya kila mwaka. Ya pili haikuongeza kinga. Jambo hubadilika akiingia mgonjwa mpya nyumbani: hapo unachunguzwa upya na mhudumu ataamua kama kozi nyingine inafaa. Tunza kadi yenye jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, kwa kuwa miaka 3 baadaye hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.